Baba Ana Vifuko Kwenye Figo: Nani Apimwe, Lini, na Majibu Yasomwe Vipi

Chukua familia hii ya mfano. Mwanamume wa miaka 43 anafika hospitali na maumivu ya ubavu wa kushoto yaliyomjia ghafla, na kwa siku mbili mkojo wake umekuwa mwekundu. Presha yake ni 162/100. Ultrasaundi inaonyesha figo zote mbili zimejaa vifuko vya maji visivyohesabika. Ya kulia ina urefu wa sentimita 17.5 na ya kushoto 18, wakati figo ya kawaida ya mtu mzima huwa na sentimita 10 hadi 12. Daktari anamweleza kwamba huu ni ugonjwa wa figo zenye vifuko vingi, ile aina ya kurithi inayojitokeza ukubwani. Mgonjwa hata shati hajalivaa, na swali lake la kwanza halihusu dawa. Anauliza, "Na watoto wangu?"

Makala haya yanajibu swali hilo. Ana binti wa miaka 22, mtoto wa kiume wa miaka 17 na wa mwisho wa miaka 9. Ana dada wa miaka 47, mdogo wake wa kiume wa miaka 38, na mdogo wao mwingine wa miaka 30 ambaye wamechangia baba, mama tofauti. Baba yao yu hai, ana miaka 78. Mama yake alishafariki. Watu hawa wote ni ndugu zake wa damu, lakini ushauri unaomfaa mmoja haumfai mwingine.

Unavyopita kutoka kwa mzazi

Familia nyingi zenye ugonjwa huu zina hitilafu katika moja ya jeni mbili: PKD1, iliyo kwenye kromosomu ya 16, au PKD2, iliyo kwenye kromosomu ya 4. PKD1 ndiyo inayohusika zaidi, katika familia zaidi ya saba kati ya kumi. Kila mtu ana nakala mbili za kila jeni, moja kutoka kwa mama na nyingine kutoka kwa baba. Mwenye ugonjwa huu ana nakala moja mbovu na moja nzima. Anapopata mtoto humpa nakala moja tu, kwa hiyo mtoto ana nafasi moja kati ya mbili ya kurithi ile mbovu, awe wa kike au wa kiume.

Hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Mtu mwenye watoto wanne hujiambia kwamba wawili watapata na wawili watapona, na yule wa kwanza akikutwa nao, wengine huanza kupumua. Sivyo ilivyo. Kila mimba huanza hesabu upya. Kwa mgonjwa wetu mwenye watoto watatu, uwezekano wa wote kuukwepa ni mmoja kati ya nane, na uwezekano wa wote kuurithi ni huo huo. Kufanana na baba sura, tabia au kundi la damu hakusemi lolote.

Vilevile ugonjwa huu hauruki kizazi. Asiyeurithi hana nakala mbovu ya kumpa mwanawe, na ukoo wake mzima kuanzia hapo uko huru. Ukisikia familia inasema "ulimruka baba ukamkuta mjukuu," mara nyingi baba huyo alikuwa nao bila kujua, akafa kwa jambo jingine kabla figo hazijalalamika. Lakini yako pia maelezo mengine: karibu mgonjwa mmoja kati ya kumi ndiye wa kwanza kwao, kwa sababu hitilafu ilianzia kwake mwenyewe. Wazazi wake wako salama, ila watoto wake wana nafasi ile ile ya nusu.

Kurithi jeni si sawa na kujua mwisho wa safari. Wenye hitilafu ya PKD1 iliyo kali hufikia figo kushindwa kazi mara nyingi katika miaka ya hamsini. Wenye PKD2 wengi hufika miaka ya sabini, na baadhi yao hawafikii hatua hiyo kabisa. Hata ndugu wa tumbo moja, wenye hitilafu ile ile, wanaweza kupishana miaka mingi.

Kwa nini unajificha muda mrefu

Vifuko haviotei kila mahali kwa mara moja. Huanzia kwenye vijirija vya figo, hapa kimoja na pale kimoja, hasa pale ambapo nakala nzima ya jeni nayo imeharibika ndani ya seli. Kifuko hujaa maji polepole, kikajitenga na kijirija chake, na kuzidi kukua mwaka hadi mwaka kikibana nyama nzuri ya figo iliyo kando yake. Nyama iliyobaki huongeza kazi ili kufidia. Ndiyo maana kreatinini, taka inayopimwa kwenye damu kujua kazi ya figo, inaweza kubaki ya kawaida kwa miongo kadhaa huku figo zikiwa tayari kubwa mara mbili. Mtu akipimwa damu tu, akaambiwa "figo zako nzuri," hajapimwa ugonjwa huu.

Kinachotangulia kwa kawaida ni presha. Zaidi ya nusu ya wagonjwa huwa na presha kabla uchujaji wa figo haujashuka, mara nyingi wakiwa na miaka thelathini hivi. Kijana wa miaka 28 mwenye presha ambaye mzazi wake ana ugonjwa huu asiambiwe ni msongo wa kazi.

Dalili nyingine ni maumivu ya ubavu au mgongo, mkojo wenye damu, mawe ya figo, maambukizi ya njia ya mkojo na kuamka usiku kukojoa. Damu ya mgonjwa wetu ilitoka kwenye kifuko kilichovuja kwa ndani. Kwa kawaida hali hiyo hutulia yenyewe ndani ya siku chache kwa kupumzika na kunywa maji. Kinachopaswa kumrudisha mtu hospitali haraka ni mabonge ya damu yanayoziba mkojo, au homa pamoja na maumivu ya ubavu. Kifuko kilichoingiwa na bakteria kinaweza kuleta homa kali ilhali kipimo cha mkojo kinaonyesha hakuna kitu, kwa sababu kifuko hicho hakina tena njia ya kumwaga maji yake kwenye mkojo. Matibabu yake huchukua wiki kadhaa, na si kila dawa ya kuua bakteria hupenya ndani ya kifuko.

Vifuko huota kwenye ini pia, mara nyingi bila kuliharibu. Na takriban mgonjwa mmoja kati ya kumi ana mshipa wa damu uliotuna ndani ya kichwa. Mingi ya mishipa hiyo ni midogo na haipasuki kamwe, lakini habari hii ina uzito tutakapofika kwa yule mama aliyefariki.

Kwanza uchorwe ukoo

Kabla ya kumpeleka ndugu yeyote kwenye mashine, mnasihi mzuri huchukua karatasi na kuchora familia: nani kazaliwa na nani, yuko hai au la, alikufa na umri gani, kwa nini. Neno "presha" au "kiharusi" halitoshi. Inafaa kuuliza kama marehemu aliwahi kusafishwa damu kwa mashine, kama tumbo lake lilikuwa kubwa bila sababu, kama alikufa ghafla.

Mgonjwa wetu anasimulia kwamba mama yake alikuwa na presha tangu ujana, na akiwa na miaka 51 alishikwa ghafla na maumivu makali ya kichwa, akaanguka, akafa siku hiyo hiyo. Nyumbani walisema ni presha iliyopanda. Kwa anayejua ugonjwa huu, simulizi hilo linatosha kumtaka mgonjwa apigwe picha ya MRI ya mishipa ya kichwa, ambayo haihitaji kudungwa dawa ya rangi. Si kila mwenye ugonjwa huu hupigwa picha hiyo. Hupigwa hasa yule ambaye kwao kuna mshipa uliowahi kupasuka au kifo cha ghafla kisichoeleweka.

Karatasi hiyo inaokoa mtu mmoja papo hapo. Baba yao wa miaka 78 anapigwa ultrasaundi, na figo zake ni safi na za ukubwa wa kawaida. Katika umri huo, kama angekuwa nao, vifuko vingekuwa vimejaa. Kwa hiyo ugonjwa haukutoka upande wake, na yule mdogo wao wa miaka 30, wa mama mwingine, hana haja ya kupimwa. Nimeona wanukuu wa ukoo wakiandika "ndugu" bila kuuliza mama ni nani. Swali hilo moja, lililoulizwa kwa adabu, humwondolea mtu miaka ya wasiwasi na gharama za vipimo.

Jibu la ultrasaundi hubadilika na umri

Ultrasaundi ndiyo kipimo cha kwanza kwa ndugu. Haina mionzi, haiumizi. Lakini picha ile ile ina maana tofauti kwa mtu wa miaka 22 na kwa mtu wa miaka 47, na hapa ndipo makosa mengi ya kusoma majibu hutokea.

Kwa mtu ambaye mzazi, ndugu au mtoto wake ana ugonjwa huu, vigezo vinavyotumika ni hivi. Kati ya miaka 15 na 39, vifuko vitatu au zaidi kwa jumla vinathibitisha, viwe figo moja au zote mbili. Kati ya 40 na 59, vinahitajika angalau viwili katika kila figo. Kuanzia 60, angalau vinne katika kila figo. Idadi hupanda kwa sababu watu wasio na ugonjwa wowote wa kurithi nao huota kifuko kimoja au viwili kadiri wanavyozeeka. Vigezo hivi havimhusu mtu asiye na historia ya ugonjwa kwao.

Dada wa miaka 47 anapimwa. Ripoti inasema: figo ya kulia ina kifuko kimoja cha sentimita 1.4, ya kushoto haina kitu. Anasoma neno "kifuko" na kuanza kulia ukumbini. Kumbe ripoti hiyo imemweka huru. Aliyefika miaka 40 akiwa na vifuko pungufu ya viwili kwa jumla hana ugonjwa huu. Kile kimoja ni cha umri tu. Habari njema haiishii kwake: watoto wake wanne, ambao hakuna aliyewapima, nao wametoka kwenye orodha. Ripoti ya namna hii haifai kukabidhiwa mtu mkononi bila mtu wa kumsomea.

Kwa binti wa miaka 22 mambo yako kinyume. Tuseme anapimwa na hakuna kifuko hata kimoja. Alianza na uwezekano wa nusu, na sasa umeshuka hadi kama mmoja kati ya kumi, lakini haujaisha, kwa sababu vifuko vyake vinaweza kuwa bado vidogo kuliko mashine inavyoona. Kwa familia yenye PKD2, ambayo vifuko vyake huchelewa, mabaki hayo ya uwezekano ni makubwa zaidi. Asiambiwe "huna." Aambiwe "hatujaona, rudia ukishavuka miaka 30, na presha ipimwe kila mwaka." Baada ya miaka 30, ultrasaundi isiyo na kifuko chochote huacha nafasi ndogo sana, kama wawili kati ya mia.

Mazungumzo kabla ya kipimo

Kwa mtu mzima asiye na dalili, kupimwa ni hiari yake. Binti huyu ana haki ya kusema "sasa hivi sitaki kujua," na si kazi ya baba wala daktari kumsukuma. Ila aamue akijua anachokiacha na anachokipata.

Akikutwa nao, kuna la kufanya. Presha hutibiwa mapema, kwa dawa za kundi la ramiprili au losatani. Kwa wagonjwa walio chini ya miaka 50 ambao figo bado zinachuja vizuri, lengo linaweza kushushwa hadi 110/75 ikiwa mwili unavumilia. Chumvi hupunguzwa. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki huepukwa. Ikiwa vifuko vinakua kwa kasi, ipo dawa iitwayo tolvaptani, ambayo hupunguza mwendo wa ugonjwa bila kuusimamisha. Anayeitumia hukojoa lita nyingi mchana na usiku, na ini lake lazima lifuatiliwe kwa vipimo vya damu. Kwa binti mwenye umri wa kuzaa kuna nyongeza: dawa za kundi la ramiprili na losatani humdhuru mtoto tumboni, kwa hiyo mpango wa mimba ujulikane kabla, dawa zibadilishwe.

Upande wa pili pia uwekwe mezani. Jibu likishaandikwa halifutiki. Katika nchi nyingi linaweza kupandisha gharama ya bima ya maisha au kuifanya ikataliwe, na baadhi ya ajira huuliza. Wapo wanaokata bima kwanza, ndipo wajipime wenyewe. Wapo pia wanaoishi miaka na jibu hilo wakiwa hawana dalili yoyote, lakini kila kiuno kikiuma wanadhani ndio mwisho. Mnasihi aulize: ukiambiwa ndiyo, utamwambia nani usiku wa leo? Ukiambiwa hapana na kaka yako akaambiwa ndiyo, mtaketije meza moja?

Kwa watoto msimamo wangu ni wa tahadhari, ingawa madaktari hawakubaliani wote. Mtoto wa miaka 9 asiye na dalili hana haja ya ultrasaundi ya lazima. Asipoonekana kifuko haimaanishi lolote katika umri huo, na akionekana nacho amenyang'anywa uamuzi ambao angeufanya mwenyewe akikua. Anachohitaji ni presha kupimwa mara kwa mara, angalau mara moja kwa mwaka tangu miaka 5, kwa mkanda wa saizi ya mkono wake, maana mkanda wa mtu mzima hutoa namba ya chini kuliko ukweli. Presha ikiwa juu, au mkojo ukiwa na damu, hapo si tena uchunguzi wa ndugu. Ni mgonjwa anayetafutiwa jibu, na apimwe. Kijana wa miaka 17 anafuata utaratibu huo huo, isipokuwa yeye ashirikishwe kwenye mazungumzo yote na aambiwe kwamba miezi michache ijayo uamuzi utakuwa wake.

Daktari hawapigii ndugu simu. Siri ni ya mgonjwa. Kinachosaidia ni barua fupi ambayo mgonjwa anawapa mwenyewe, yenye jina kamili la ugonjwa, jinsi unavyorithiwa, na sentensi moja kwa daktari atakayeipokea: "Tafadhali pima presha, kisha jadili ultrasaundi kulingana na umri." Bila barua, habari hufika imegeuka kuwa "tuna kansa ya figo kwenye ukoo."

Mdogo mtu anayetaka kutoa figo

Amebaki yule wa miaka 38. Amesikia kaka yake atahitaji figo siku moja, na kabla ya kuuliza lolote anasema yuko tayari kutoa yake. Ultrasaundi yake haina kifuko. Kwa mtu mwingine hiyo ingetosha, lakini kwake kuna jambo zito zaidi: akitoa figo moja, kisha ikagundulika alikuwa na ugonjwa, amebaki na figo moja mgonjwa, na kaka yake amepewa nyingine mgonjwa vilevile. Kwa mtoaji kipimo huwa MRI, inayoona vifuko vidogo zaidi. Kwa umri wa miaka 16 hadi 40, vifuko pungufu ya vitano kwa jumla katika MRI vinatosha kuuondoa ugonjwa. Zaidi ya kumi vinauthibitisha. Kati ya hapo, au kukiwa na shaka yoyote, huhitajika kipimo cha jeni.

Na kipimo cha jeni kina mpangilio wake. Anaanza mgonjwa, si ndugu. Maabara ikipata hitilafu kamili kwa mgonjwa, na hupatikana katika takriban familia tisa kati ya kumi, ndipo ndugu anatafutwa hitilafu ile ile tu, na jibu lake linakuwa ndiyo au hapana isiyo na mkia. Ndugu akianza yeye na maabara isione kitu, hakuna anayejua kama hana ugonjwa au ni kipimo kilichoshindwa kuona hitilafu ya familia hiyo. Hitilafu hiyo ikishajulikana, inamfungulia binti njia mbili pia: kujua hali yake bila kusubiri miaka 30, na siku moja, akitaka, kupandikiza kiinitete kilichopimwa nje ya tumbo na kukutwa hakina nakala mbovu.

MRI ya mdogo mtu inaonyesha vifuko viwili vidogo. Hana ugonjwa, na anaweza kuendelea na vipimo vingine vya mtoaji. Haraka haipo. Uchujaji wa figo za kaka yake, namba inayoandikwa eGFR kwenye karatasi ya maabara, ni 52. Figo ndefu kuliko sentimita 16.5 kabla ya miaka 45 ni dalili ya mwendo wa kasi, na wagonjwa wa namna hiyo wengi hupoteza pointi 3 hadi 5 kwa mwaka. Mazungumzo ya kupandikiza huanza rasmi namba inapokaribia 20. Hiyo inampa mdogo mtu miaka kadhaa ya kufikiri, na nafasi ya kubadili mawazo bila kuulizwa sababu.